Simu ya saa kumi na moja alfajiri

Swali: "Mimi ni mwalimu wa sekondari Morogoro, nina watoto wawili. Tarehe 14 mwezi ujao natimiza miaka 40 na ninaiogopa siku hiyo kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Huu ni mwaka wa nne nimeificha tarehe yangu ya kuzaliwa Facebook, na siku yenyewe huwa nazima simu kutwa. Baba alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 58, kwa hiyo kila nikikaa najikuta napiga hesabu: imebaki 18. Zamani yeye ndiye alikuwa wa kwanza kunipigia kunitakia heri, saa kumi na moja alfajiri. Wenzangu wamejenga, wengine ni wakuu wa shule, mimi bado napanga. Nywele nyeupe nazihesabu kwa kamera ya simu. Na miaka inakimbia, siku hizi Januari na Desemba zimegusana. Sasa walimu wenzangu wamepanga kunimwagia maji. Nifanyeje niache kuogopa?"

Jibu:

Mwalimu, hukuandika Baba alifariki mwaka gani. Ungekuwa umekaa mbele yangu hilo lingekuwa swali langu la kwanza, kabla hata ya habari za nywele nyeupe. Nakisia ni miaka minne iliyopita, au mitano ikizidi sana, kwa sababu ndipo ulipoanza kuificha tarehe. Kama nimekosea, ruka moja kwa moja hadi kwenye ile hesabu ya 18. Kama nimepatia, tuanze na simu.

Mtu anayeogopa umri peke yake hukataa keki, hupunguza miaka, hununa akiulizwa. Kuzima simu kutwa nzima ni jambo lingine. Simu yako ilikuwa na kazi moja kila tarehe 14 alfajiri, na mwenye kazi hiyo hayupo. Ukiiacha wazi, saa kumi na moja itapita kimya, kisha atapiga mtu mwingine, na yule wa kwanza kupiga hatakuwa yeye. Ukiizima, ukimya unakuwa wa kwako, umeuamua mwenyewe. Naielewa sana hatua hiyo. Shida yake ni kwamba inaufanya kila mwaka uwe kama mwaka wa kwanza, maana hujawahi kuikaa alfajiri hiyo ukaona inaishaje.

Msiba una tabia ya kurudi kwa tarehe. Watu wengi wanajua arobaini na kumbukumbu ya mwaka wa kifo, na siku hizo hujiandaa, wanasoma dua au misa, jamaa wanakusanyika. Siku ya kuzaliwa ya aliyebaki haina matayarisho hayo. Hakuna anayekuja kukupa pole tarehe 14. Wanakuja na puto. Basi huzuni inakosa mlango wake, inaingia kwa mlango wa jirani, na jirani aliye karibu ni umri. Unajikuta unasema "naogopa 40" kumbe nusu ya neno hilo ni "namkosa Baba".

Kuna namna ya kuzitenganisha. Huzuni ya tarehe huanza kupanda wiki mbili tatu kabla, hufika kileleni siku yenyewe, na baada ya siku chache hushuka hata kama hujafanya chochote. Hofu ya umri haijali kalenda. Inakupata Machi, inakupata ukiwa kwenye foleni ya benki, inakupata mwanafunzi wako wa zamani akikusalimia ameshika mtoto. Kwa ulivyoandika unazo zote mbili, na ndiyo maana dawa ya moja haijawahi kukutosha.

Sasa hiyo 18.

Karibu kila mtu aliyefiwa na mzazi mapema anaibeba namba kama hiyo, ingawa wachache huitamka. Nimewahi kukaa na wanaume wazima waliokuwa wanapanga mikopo yao yote iishe kabla ya umri aliokufa baba. Hesabu yenyewe ni ya darasa la pili, na ndiyo inayoipa nguvu, maana haina makosa ya kutoa. Kosa liko kwenye namba ya juu. Nani alisema 58? Baba hakufa kwa kufikisha 58. Alikufa kwa kiharusi, na kiharusi kina sababu zake, kubwa kuliko zote ikiwa ni presha ya kupanda isiyodhibitiwa. Miaka 58 hukuirithi. Unachoweza kuwa umerithi ni mwelekeo wa presha kupanda, na huo unapimika kesho asubuhi.

Wengine huchukua namba ya taifa badala ya namba ya baba. Wanasoma kwamba wastani wa umri wa kuishi Tanzania ni sitini na kitu, wanatoa umri wao, wanaishiwa nguvu. Wastani ule hupigwa kuanzia kuzaliwa na unabeba ndani yake vifo vyote vya watoto wachanga. Chukua watu wawili: mmoja kafa na mwaka 1, mwingine kaishi hadi 79. Wastani wao ni 40, na hakuna hata mmoja aliyekufa na 40. Wewe uliyekwisha kuvuka utoto na ujana, makadirio yako ni marefu kuliko namba ile ya gazetini.

Kwa hiyo kabla ya zoezi lolote la kichwani, nenda kapime presha. Wasiwasi wenyewe huipandisha, basi ipime inavyotakiwa: usinywe kahawa wala chai ya rangi nusu saa kabla, nenda haja ndogo, kaa kimya dakika 5 umeegemea kiti, miguu sakafuni bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usizungumze. Wakupime mara mbili, kwa kupishana dakika moja au mbili. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, rudi siku nyingine, kwa sababu kipimo cha siku moja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Ikirudia, una kitu cha kutibu, na dawa zake ni za kawaida. Ikiwa chini, ipime tena baada ya mwaka kwa sababu ya historia ya nyumbani kwenu. Na chumvi yote ya siku, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na dagaa, isizidi kijiko kimoja cha chai. Hapo umeshafanya kubwa kuliko yote ambayo kifo cha Baba kinakudai ufanye kuhusu mwili wako. Hesabu iliyobaki, ile ya usiku, haizuii kiharusi hata kimoja.

Basi kwa nini inarudi? Kwa sababu kila ukiipiga unapata nafuu ya dakika mbili. Kichwa kinasema: nimeangalia, bado ipo 18. Kisha kinataka kuangalia tena, kama mtu aliyefunga mlango akarudi kushika kitasa, na kila akirudi anazidi kutouamini mkono wake. Kuhesabu nywele kwa kamera ni kitasa hichohicho. Tena kamera ya mbele ya simu ikiletwa karibu na uso hukuza kilicho mbele. Pua yenyewe huwa kubwa kuliko ilivyo. Kila siku unapeleka kesi yako kwa shahidi asiyeona vizuri.

Usijaribu kuikataza hesabu isije. Wazo ukilikataza linakaa mlangoni. Ipangie saa. Mwaka 1983 mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake, Marekani, walichapisha zoezi ambalo mpaka leo tunalitumia karibu kama walivyoliandika: unachagua saa moja na mahali pamoja kila siku, nusu saa tu, na wasiwasi wote unasubiri hapo. Chagua saa kumi na mbili jioni, kiti cha uani, kamwe si kitandani. Mchana 18 ikija, andika "18" kwenye kijitabu na uendelee kusahihisha madaftari. Saa ikifika, kaa, fungua kijitabu, ogopa kwa bidii nusu saa nzima. Wateja wangu wengi kwenye siku ya nne au ya tano wanalalamika kwamba dakika ya kumi wameishiwa cha kuogopa, wanaanza kufikiria mboga. Hicho ndicho tunachokitaka. Lisipokufaa mara ya kwanza, angalia kama umelifanya karibu na kulala. Likisogea saa tatu usiku linaharibu usingizi na kila kitu kinakuwa kibaya zaidi.

Kuficha tarehe nako kunafanya kazi kama kuhesabu, ila polepole zaidi. Nikupe mfano wa mama mmoja muuza mitumba wa Dar es Salaam. Nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike, na yeye mwenyewe aliniruhusu kumsimulia.

Alikuja akikaribia 50. Kwa miaka mingi alikuwa anasema ana 44, na 44 hiyo ilikuwa haiongezeki. Uongo mdogo, usiomdhuru mtu, mpaka kifungua mimba wake alipofikisha 31, na wanawake sokoni wakaanza kutoa vidole. Ikabidi ampunguze na mtoto miaka. Mtoto akakataa, tena mbele za watu. Kufikia hapo alikuwa hahudhurii vikoba siku ya kujaza fomu, kwa kuwa fomu ilitaka namba ya kitambulisho, na namba ya NIDA inaanza na mwaka wa kuzaliwa. Ametoa hela yake miaka mitatu, na mkopo anaogopa kuuchukua kwa sababu ya tarakimu nne za mwanzo.

Nilimwuliza: ukisema 50, nini kitatokea? Akajibu bila kufikiri kwamba wateja watamwita bibi, wataenda kwa wasichana wa meza ya pili. Tukaandika utabiri huo kwenye daftari, na pembeni kiwango cha hofu kutoka 0 hadi 10. Aliweka 9. Kisha tukapanga amwambie mtu mmoja kwa siku, siku tano, kuanzia yule anayemwogopa kidogo. Wa kwanza alikuwa mama lishe. Akasema "hongera", akaendelea kugeuza chapati. Wa pili, msusi wake, alisema alikuwa anajua siku zote. Wa tatu akasema "Hee! Mimi nilidhani una 55."

Hilo lilimuuma. Sitakudanganya kwamba kila mtu atajibu vizuri. Saa nne asubuhi aliandika 8. Saa nane mchana aliandika 5. Jioni, anafunga meza, 3, na pembeni aliandika kwa herufi kubwa: "NIMEUZA KAMA JANA." Kwangu mimi mstari huo ulikuwa na thamani kuliko hongera ya mama lishe, kwa sababu lile aliloliogopa lilitokea kweli, mtu alimdharau, na hofu bado ikashuka yenyewe. Akiwa amejificha asingelijua hilo hata kwa miaka kumi. Hofu ya aina hii hupanda haraka, na ukiiacha bila kukimbia hushuka. Ukikimbia ikiwa kileleni, unachojifunza ni kwamba kukimbia ndiko kulikuokoa.

Wewe una kama wiki nne. Chukua daftari, piga mistari upate safu tatu: nilichodhani kitatokea, kilichotokea, na hofu ilikuwa ngapi mwanzo na saa mbili baadaye. Wiki ya kwanza, kila siku, andika kwa mkono "Natimiza miaka arobaini tarehe 14" na uisome kwa sauti chumbani mpaka ikuchoshe. Nywele utaziangalia Jumapili tu, kwenye kioo, ukiwa umesimama umbali wa mkono. Wiki ya pili mwambie mwenzako mmoja umri wako, na uirudishe tarehe Facebook kwa marafiki. Wiki ya tatu weka picha isiyopitishwa kwenye programu ya kulainisha ngozi. Ya nne ni ya alfajiri, tutaifikia.

Watu huliharibu zoezi hili kwa njia moja hasa. Wanasema "nina arobaini", halafu papo hapo wanaongeza, kwa kicheko, "lakini sionekani, eti?" Mwenzio atajibu "wala!" na utaondoka umefurahi, na utakuwa hujafanya kitu. Umetaja umri kwa mdomo, kisha ukaomba ufutwe. Sema namba, nyamaza, acha mwingine ajaze ukimya anavyotaka. Kuhusu piko sina ugomvi nayo. Kama unaipaka kwa sababu unapenda kichwa cheusi, endelea. Jaribio ni hili: ikiisha wiki moja kabla ya mwisho wa mwezi, unaweza kuingia darasani hivyohivyo? Kama unaweza, hiyo ni urembo. Kama utaomba ruhusa ya ugonjwa, iandike kwenye daftari.

Hili la wenzako waliojenga na walio wakuu wa shule nalitenga, kwa sababu halihusu mwili wala kifo. Linahusu ratiba. Bernice Neugarten, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Chicago, ndiye aliyelipa jina lake miaka ya 1960: saa ya jamii. Aliwauliza watu wazima wa Marekani umri unaofaa wa kuoa, kumaliza shule, kuwa na cheo, na akakuta majibu yanafanana ajabu, kana kwamba yameandikwa ukutani. Swali lilelile liliporudiwa kama miaka ishirini baadaye, maafikiano hayo yalikuwa yamepungua sana. Ratiba ilibadilika watu wakiwa hai, na bado kila kizazi kiliihesabu ya kwake kuwa ndiyo ya Mungu.

Huku kwetu mbona tunaiona wazi. Kwa Umoja wa Mataifa kijana ni wa miaka 15 hadi 24. Kwa sera yetu ya vijana ya 2007 ni 15 hadi 35. Mtu wa miaka 30 alikuwa ameshatoka ujanani akiwa kwenye ripoti ya New York, na bado ni kijana akishuka Dodoma. Kwa utumishi wako wewe kustaafu kwa lazima ni miaka 60, maana yake serikali inakuhesabia miaka ishirini mingine ya chaki. Ukitaka kujua kipi kwenye ratiba ni chako, jiulize swali moja kwa kila kitu: kama hakuna mtu atakayejua, ningekitaka? Ukuu wa shule ambao hakuna atakayejua unao, ila vikao vya bodi na wazazi wakali ungevipata vyote. Ungeutaka? Nyumba ambayo hakuna atakayeiona, lakini haivuji na huilipii kodi? Nadhani nyumba unaitaka kweli. Basi hiyo ni habari ya kiwanja na akiba, ina bei na ina miezi, na inaweza kukaliwa na kalamu. Haina uhusiano na 40.

Januari na Desemba kugusana ni jambo la kumbukumbu zaidi kuliko la muda. William James aliligusia kwenye kitabu chake cha saikolojia cha 1890: utotoni kila siku ina jambo jipya, ukubwani siku zinafanana, na mwaka wa siku zinazofanana ukiutazama nyuma unasinyaa. Mwalimu ni mtu wa kuonewa huruma hapo. Muhula, mtihani wa katikati, mtihani wa mwisho, likizo, muhula. Nakuuliza: mwaka juzi na mwaka jana vilitofautianaje? Ukikwama, si kwamba hukuishi. Ubongo umeibandika miaka miwili kwenye ukurasa mmoja. Huwezi kuongeza saa, lakini unaweza kuweka alama. Kila mwisho wa mwezi andika mambo matatu yaliyotokea mwezi huo tu, yasiyoweza kuwa ya mwezi mwingine. Miezi miwili ya kwanza utatafuta kwa shida. Baadaye utaanza kuyatengeneza makusudi ili upate cha kuandika: utapanda daladala usiyoijua, utawapeleka watoto Uluguru mnakopatazama kila siku na hamjawahi kupapanda.

Kuna hesabu ya miaka iliyobaki ambayo sikukatazi, nayo inastahili kuelezwa vizuri kwa sababu inafanana na ile ya 18 kwa nje. Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford amechunguza kwa miongo mingi jinsi watu wanavyohisi wanavyozeeka. Alichokikuta kiliwashangaza wengi: wazee kwa wastani huripoti hasira na wasiwasi kidogo kuliko vijana, ijapokuwa magoti yanauma na marafiki wanapungua. Maelezo yake ni kwamba mtu anayeona muda mbele yake ni mfupi huacha kukusanya na kuanza kuchagua. Anapunguza watu wa kufahamiana nao, anaongeza muda na wachache anaowapenda. Na vijana waliofanywa waone muda ni mfupi, kwa ugonjwa au kwa safari ya kuhama, walichagua vilevile. Maana yake jambo hili halitokani na mvi, linatokana na kuona mwisho.

Nina miaka 57, nami nimeanza kuchagua. Harusi za mtu nisiyemjua nimeacha kuchangia, na nimepata lawama zake. Jumamosi ninakwenda kwa dada yangu Kigamboni, hata kama hatuna la kusema. Tofauti ya hesabu yangu na yako iko kwenye kinachofuata baada ya namba. Wewe ukisema 18 unafunga mlango na kuzima simu. Ukiisema tena jioni kwenye kiti chako cha uani, imalizie: basi Jumamosi hii nani? Jina likija, mpigie.

Kabla ya kufika tarehe 14, angalia yafuatayo, maana si kila wasiwasi wa miaka arobaini ni wa kukaa na daftari. Kama wasiwasi umekuwa nawe siku nyingi kuliko usizokuwa nao kwa miezi 6 au zaidi, unagusa kila kitu na si umri tu, hulali, misuli imekaza, huwezi kufuatilia somo unalolifundisha mwenyewe, hiyo ina jina na ina matibabu. Nenda kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa wako. Kama hedhi imeanza kuyumba, joto linapanda ghafla kifuani, unaamka saa nane usiku na moyo unakwenda mbio, mweleze daktari hivyohivyo; safari ya kuelekea kukoma hedhi inaweza kuanza mapema miaka ya arobaini na huja na wasiwasi wake. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi nayo humpa mtu mapigo ya mbio, mikono ya kutetemeka na hofu isiyo na mwenyewe, na inaonekana kwa kipimo cha damu. Na kama kati ya mawazo yako kuna la kutamani usiwepo, usisubiri tarehe yoyote. Mwambie mtu wa nyumbani leo, na uende hospitali naye.

Sasa alfajiri yenyewe. Tarehe 13 usiku iache simu wazi, mlio juu. Tega kengele saa kumi na nusu, uamke mbele ya ile saa badala ya kuvamiwa nayo. Ikifika saa kumi na moja, kaa nayo. Utalia, nadhani, na ni sawa; ni kilio kilichocheleweshwa miaka kadhaa. Wengine huongea na marehemu kwa sauti, wengine huomba dua, wengine huandika alichokuwa anakisema. Baba yako alikuwa anasemaje hasa? Alianza na "mwanangu", au alikuimbia, au alikuwa wa dakika moja tu kisha anakata kuokoa salio? Andika maneno yake jinsi yalivyokuwa, wakati bado unayasikia.

Kisha, kama Mama yupo, piga wewe. Hukumtaja kwenye barua, kwa hiyo nauliza kwa tahadhari. Kama hayupo, kuna shangazi au mama mdogo aliyekuwepo. Siku hiyo kabla haijawa yako ilikuwa ya Mama, miaka 40 iliyopita yeye ndiye aliyekuwa na uchungu. Mwulize ilikuwa saa ngapi, mvua au jua, nani alikwenda naye hospitali au nani alimwita mkunga, na Baba alikuwa wapi alipopewa habari. Nimewapa watu wengi zoezi hili, na karibu wote hurudi na jambo wasilolijua. Mmoja alikuta hata tarehe aliyokuwa anaiogopa siyo. Kadi iliandikwa siku mbili baada ya kuzaliwa kwake.

Kuhusu walimu wenzako, waambie mapema wiki hiyo: maji sawa, ndoo moja, mayai na unga hapana, na wangojee kipindi cha mwisho kiishe. Simu mpe mwenzako akushikie kwanza, ikiwa wazi.